Kukata maneno ya msemaji bila kubadili maana: ni nini kinapaswa kubaki

Shefu wa kijiji anaongea mbele ya mikro kwa nusu dakika. Jurnali ya asubuhi iko na nafasi ya sekunde kumi kwa sauti yake. Lazima kukata. Kila redio inafanya hivyo kila siku, na hakuna sheria ya uandishi wa habari inayokataza. Swali ni moja tu: kipande kinachobaki, kinasema kile shefu alisema, ao kinasema kitu kingine?

Mfano huu umetungwa, lakini unafanana na kazi ya kila siku katika vijiji ambako vita vilipita na kuacha mabomu ambayo hayajalipuka. Mwandishi wa habari anauliza kama wakaaji wanaweza kurudilia kazi ya kulima. Shefu anajibu:

«Tangu juzi tulikaa na wakubwa ba usalama, tukaongea mingi. Batu banaweza kurudi ku mashamba, wale ba huku upande wa kanisa, lakini ngambo ya mto hapana kwanza, mpaka wale benye kutosha mabomu bamalize kazi. Na tunaomba benye roho nzuri batuletee majembe na mbegu, juu batu balipoteza vyote.»

Katika haraka ya asubuhi, mtu wa montaji anachukua maneno matano: «Batu banaweza kurudi ku mashamba.» Sauti ni ya shefu mwenyewe. Hakuna neno hata moja lililoongezwa. Na bado habari ile ni ya uongo, kwa sababu shefu hakutoa ruhusa kwa kila mtu. Alitoa ruhusa kwa upande mmoja, akafunga upande mwingine. Mama aliye na shamba ngambo ya mto anasikia sauti ya shefu wake, anabeba jembe, anaenda.

Hii ndiyo hatari ya kunukuu nusu ya sentensi. Maneno yanaweza kuwa ya kweli yote, moja kwa moja, na maana ikawa imegeuzwa.

Maneno yanayofunga sentensi

Ukiangalia jibu la shefu, utaona kwamba haina sehemu zenye uzito sawa. Mwanzo wake, ule wa kukaa na wakubwa wa usalama, unaweza kutoka. Mtangazaji ataueleza kwa maneno yake: «Kisha mkutano na wakubwa wa usalama, shefu wa kijiji anasema…» Mwisho, ule wa majembe na mbegu, ni jambo lingine kabisa. Linaweza kungoja habari nyingine bila kuharibu hii.

Lakini katikati, maneno «wale ba huku upande wa kanisa», «lakini» na «mpaka» hayawezi kutoka. Hayo ndiyo yanaonyesha ruhusa inaishia wapi na lini. Ukiyatosha, ruhusa inakuwa haina mpaka.

Karibu kila mara, maana inageuka kwa sababu mtu alikata moja ya vitu hivi: sharti (kama, ikiwa, mpaka), kipingamizi (lakini, isipokuwa), mahali na wakati (huku, kwa sasa, tangu jana), na kiasi (wengine, si wote). Kuna pia lile neno dogo ambalo watu wanalidharau: «nasikia» ao «banasema». Muuguzi akisema «nasikia bagonjwa wawili balikufa ku kituo kile», yeye anaeleza uvumi ambao umemfikia. Ukikata «nasikia», umemfanya kuwa shahidi. Kesho familia ao wenye mamlaka watamwendea kumuuliza aliona nini, na yeye hakuona kitu.

Kiswahili kina mtego wake wa pekee. Kukataa kunakaa mwanzoni mwa neno, katika silabi moja fupi. Kijana wa chama cha vijana akisema «hatukubali kodi hii», na kisu cha montaji kikaingia kidogo tu mbele, «ha» inapotea na kunabaki «tukubali kodi hii». Ni kinyume kabisa, na kinasikika vizuri kama sentensi kamili. Ni vile vile kwa «habakubali» na «bakubali» ya mitaani. Kwa hiyo mtu wa montaji hawezi kutegemea michoro ya sauti kwenye kompyuta peke yake. Inaomba asikilize na sikio, aanze sekunde mbili ao tatu mbele ya pale anataka kukata, na aendelee kusikiliza sekunde chache nyuma ya pale anataka kuacha.

Ku redio, kisu hakionekani

Gazeti liko na njia ya kuonyesha kwamba limekata. Linaweka nukta tatu pale maneno yametoka, na mabano pale mwandishi ameongeza neno lake ili sentensi ieleweke. Msomaji anaona kovu. Anaweza kujiuliza nini kilikuwa pale.

Redio haina nukta tatu. Fundi mzuri anaweza kuunganisha pumzi ya mwanzo wa sentensi moja na mwisho wa sentensi nyingine, na hakuna msikilizaji atakayejua kwamba kati yake dakika tano zilitupwa. Montaji safi kabisa ndiyo inayoweza kudanganya zaidi.

Kwa hiyo wenye kazi hii wanafuata desturi rahisi. Ya kwanza, wanachukua sentensi moja nzima, kutoka pumzi hadi pumzi, kuliko kuokota vipande. Ya pili, kama wanahitaji vipande viwili vilivyo mbali, hawaviunganishi. Wanaweka sauti ya mwandishi katikati: «Shefu anaongeza…» ao «Mbele ya kumaliza, amesema pia…». Maneno hayo ya mwandishi ndiyo nukta tatu za redio. Yanamwambia msikilizaji: hapa tumeruka.

Ya tatu inahusu mahali pa kuweka sharti. Wengi wanafikiri inatosha mtangazaji aseme sharti katika utangulizi, kisha sauti fupi ya shefu ifuate. Kwa mambo madogo, inatosha. Lakini msikilizaji anaweza kufungua redio yake nyuma ya utangulizi. Na siku hizi sauti inakatwa tena na wasikilizaji wenyewe: mtu anarekodi kwa telefone, anaituma kwenye WatsApu, na inafika kijiji cha tatu bila mtangazaji na bila utangulizi. Kwa hiyo, sharti ambalo linalinda maisha ya mtu lazima libaki ndani ya sauti yenyewe. Katika mfano wetu, «ngambo ya mto hapana kwanza» inakaa kinywani mwa shefu, hata ikiwa jurnali inazidi sekunde nne.

Kipande kinachofaa basi ni hiki: «Batu banaweza kurudi ku mashamba, wale ba huku upande wa kanisa, lakini ngambo ya mto hapana kwanza, mpaka wale benye kutosha mabomu bamalize kazi.» Kama kweli nafasi ni ndogo zaidi, afadhali kuacha sauti na mtangazaji aeleze yote kwa maneno yake, kuliko kupeana maneno matano ya shefu yenye kudanganya.

Swali pia ni sehemu ya jibu

Mfano mmoja wa kweli unajulikana sana katika shule za uandishi wa habari, na unatoka Amerika. Tarehe 26 Februari 2012, katika mji wa Sanford, jimbo la Florida, kijana mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, aliuawa kwa risasi na George Zimmerman, aliyekuwa akifanya ulinzi wa kujitolea katika mtaa. Mbele ya kufyatua risasi, Zimmerman alikuwa amepigia polisi telefone, na sauti ile ilirekodiwa.

Mwisho wa Machi 2012, televisheni NBC ilipitisha sauti hiyo ikiwa imekatwa. Watazamaji walisikia Zimmerman akisema, kwa Kiingereza, kwamba mtu yule anaonekana hana nia nzuri, na papo hapo: anaonekana ni mweusi. Ilisikika kama sababu na matokeo, kama vile rangi ndiyo ilimfanya amshuku kijana.

Katika sauti nzima, mambo mawili hayo hayakufuatana. Nyuma ya kusema mtu yule anaonekana hana nia nzuri, Zimmerman aliendelea kueleza kwamba labda ametumia madawa, kwamba mvua inanyesha na yeye anatembea tu akiangalia huku na huku. Kisha mtu wa polisi ndiye alimuuliza: ni mzungu, ni mweusi ao ni Mhispania? Hapo tu ndipo alijibu kwamba anaonekana ni mweusi. Kisu kilikuwa kimetosha swali.

NBC ilifanya uchunguzi wake wa ndani, ikaomba radhi mwanzoni mwa Aprili, na watu wa kazi waliachishwa. Zimmerman aliishitaki, na mwaka 2014 mahakama ya Florida ilitupa mashtaka yake. Somo moja ni kwamba kushinda mbele ya jaji hakufanyi montaji kuwa ya haki. La pili ni kwamba kile kitendo hakikusaidia hata wale waliodai haki kwa ajili ya kijana aliyekufa: kwa siku nyingi, mazungumzo yaliacha kifo chake na kuhamia ku makosa ya televisheni. Mtu anaweza kuwa na maswali mazito juu ya alichokitenda msemaji, na bado anamdai maneno yake yawe vile aliyatamka.

Katika mahojiano ya kwetu, jambo hilo linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Mwandishi anauliza: «Papa, unaona serikali ilifanya kosa hapa?» Mzee anajibu: «Ndiyo, ni hivyo.» Ku antena inatoka: mzee anashitaki serikali. Kumbe maneno yote ya shitaka yalikuwa ya mwandishi, na mzee alikubali tu kwa heshima, ao kwa haraka ya kumaliza. Kama jibu linasimama juu ya swali, swali lazima lisikike. Ama sivyo, mwandishi arudi kuuliza kwa njia ya wazi: «Papa, wewe unaona ile jambo namna gani?» na angoje maneno ya mzee mwenyewe.

Wakati maneno yanapita katika lugha mbili

Katika majimbo ya mashariki, mtu anaweza kuongea Kinande, Mashi, Kihunde ao Kilendu, na redio inapitisha kwa Kiswahili. Tafsiri pia ni kukata, kwa sababu mtafsiri anachagua. Kosa la kawaida ni hili: sauti ya lugha ya mama inasikika kwa sekunde kumi na tano, na tafsiri iliyowekwa juu yake ni ya sekunde tano tu. Msikilizaji anayejua lugha zote mbili anajua mara moja kwamba kitu kimeachwa, na anaanza kushuku redio nzima.

Njia iliyo sawa ni kutafsiri jibu zima kwanza, kwa maandishi, na kukata nyuma, katika tafsiri na katika sauti kwa mahali pamoja. Kukata mbele ya kutafsiri ni kazi ya kipofu, maana mtu wa montaji asiyejua lugha hawezi kujua neno la «lakini» liko wapi.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, neno moja linaweza kubeba mambo mawili. «Wanaweza kurudi» inaweza kuwa wana ruhusa ya kurudi, ao pengine watarudi, ao wana nguvu ya kurudi. Sentensi nzima, pamoja na zile zilizo mbele na nyuma yake, ndizo zinaonyesha maana. Ukiikata peke yake, msikilizaji atachagua ile anayoitamani. Kama mwandishi mwenyewe ana mashaka, dawa ni swali moja la zaidi pale pale: «Shefu, unataka kusema bamepata ruhusa, ao unafikiri tu batarudi?» Swali hilo linachukua sekunde chache mbele ya mikro, na linaokoa siku nzima ya masahihisho.

Namna ya kujipima mbele ya antena

Mbele ya kupitisha kipande, mtu wa pili katika chumba cha habari anakisikiliza peke yake, bila kusoma utangulizi na bila kusikia sauti nzima. Kisha anasema kwa maneno yake ameelewa nini. Mwandishi aliyekuwa mahali pale analinganisha na jibu zima. Kama mtu wa pili anasema «shefu ametoa ruhusa ya kulima», mwandishi anajua kisu kimeingia vibaya. Kipimo hiki kinahitaji dakika mbili na hakihitaji chombo chochote.

Kipimo kingine ni kufikiria msemaji ameketi kando ya redio yake, na majirani wakiwa pale. Je, atasema «ndiyo, ni vile niliongea», ao atashika kichwa? Hapa kuna mpaka wa kuheshimu. Kipimo si kama msemaji atafurahi. Mkubwa aliyetukana watu kwa sentensi nzima, na kwa maana ile ile, hawezi kudai redio imfiche. Wala hana haki ya kuomba maneno yake yote yapite. Haki yake ni kwamba kile kinachopita kibaki na maana aliyoikusudia.

Sauti nzima inawekwa, haifutwi kisha jurnali. Mwandishi anaandika tarehe, mahali, na dakika ambayo kipande kilitoka. Sauti hiyo inalinda pande zote mbili. Inamlinda msemaji kama redio ilikosea. Na inalinda redio wakati msemaji, kwa sababu ya vitisho ao aibu, anakana maneno ambayo kweli aliyasema, jambo ambalo si geni katika maeneo yenye vita.

Kama kosa limekwisha kupita

Hati ya Munich ya mwaka 1971, ambayo waandishi wa habari wengi wa lugha ya Kifaransa wanaifuata, inataja wazi wajibu wa kutoficha habari za msingi na kutobadili maandishi na hati. Inataja pia wajibu wa kusahihisha habari iliyoonekana si ya kweli. Kongo iko na kanuni yake ya maadili ya mwandishi wa habari, iliyopitishwa mwaka 2004, na sheria ya habari ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua haki ya kujibu na haki ya kusahihishwa. Kwa hiyo shefu ambaye maneno yake yamekatwa vibaya haombi huruma ya redio. Anaomba haki yake.

Masahihisho yanafaa kupita katika kipindi kile kile na lugha zile zile ambazo kosa lilipitia. Kosa la jurnali ya asubuhi likisahihishwa usiku, wale waliokwenda shamba asubuhi hawasikii. Na kama kosa linahusu usalama, halingoji jurnali ifuatayo: mtangazaji anakata muziki na anasema mara moja.

Namna ya kusema pia ina uzito wake. Kurudilia kile kipande kibaya ili kukieleza ni kukipanda mara ya pili. Mtangazaji anaanza na kile kilicho kweli: «Mashamba ya ngambo ya mto yangali yamefungwa. Asubuhi hii tulipitisha maneno ya shefu bila kuyamaliza. Hii hapa sauti yake nzima.» Kisha sauti inapita kutoka pumzi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na mkutano wa wakubwa, pamoja na majembe na mbegu. Na kwa kuwa kipande kibaya pengine kimekwisha kuzunguka katika matelefone, redio inatuma sauti hiyo nzima katika vikundi vile vile, ili yule aliyepokea maneno matano apokee pia yale yaliyoachwa.